Asilimia Mia ya Betri Si Bei ya Simu

Ukiulizia iPhone 11 ya mtumba Kariakoo, jambo la kwanza utakaloambiwa ni asilimia ya betri. Muuzaji anaingia kwenye mipangilio, anakugeuzia kioo, unasoma mwenyewe: tisini na mbili, tisini na tano, pengine mia kamili. Bei inapanda na kushuka kwa namba hiyo. Simu mbili za aina moja na rangi moja zinaweza kupishana hata laki moja kwa sababu moja inasoma 96 na nyingine 84, na mnunuzi anatoa hela akiwa ameridhika, kwa kuwa namba ameiona kwa macho yake.

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Namba hiyo inaweza kuchezewa, na hata ikiwa ya kweli, thamani yake ni ndogo kuliko inavyouzwa. Mambo yanayoweza kuifuta bei yote yako kwingine: kama simu bado imefungwa kwa mwenyewe wa zamani, na kama kilicho ndani ya ganda ndicho kinachotajwa mdomoni. Kwa hiyo anayetafuta bei ya haki aanze na kufuli, aende kwenye ufeki, betri aiache mwisho. Kufuli litakuambia kama kuna biashara ya kufanya. Ufeki utakuambia simu unayoipangia bei ni ipi. Betri ni gharama tu ya kuongeza au kupunguza, na inahesabika.

Nimechagua iPhone 11 kwa sababu inaonyesha mambo yote matatu. Ilitoka Septemba 2019, kwa hiyo nyingi zilizoko sokoni zimekwisha kupita mikononi mwa fundi angalau mara moja. Bado inapokea mfumo wa iOS 26, ambao iPhone XR iliyotangulia haikuupata, na tofauti hiyo peke yake inampa mtu mwenye tamaa sababu ya kuivalisha XR ganda la 11.

Tuanze na kufuli. Tangu mwaka 2013 Apple wameweka ulinzi unaoitwa Activation Lock. Mwenye simu akiwasha huduma ya kuitafuta simu yake, simu hiyo inaandikishwa kwenye kompyuta za Apple kwa jina la akaunti yake. Kuifuta, kuiflashi au kubadilisha laini hakuondoi maandishi hayo, maana hayako ndani ya simu. Simu iliyofutwa inapowashwa upya inauliza kwanza Apple kama ina mwenyewe, na jibu likiwa ndiyo, inasimama kwenye ukurasa ulioandikwa "iPhone Locked to Owner" hadi nywila ya mwenyewe iingizwe.

Ndiyo maana simu inayowaka vizuri, yenye picha na nyimbo ndani, haijathibitisha chochote. Inaweza kuwa bado iko kwenye akaunti ya muuzaji, au ya mtu aliyeibiwa Mbagala mwezi uliopita. Kipimo ni kuifuta mbele yako, na kisifanywe na muuzaji akiwa chumba cha nyuma.

Anza na Settings. Juu kabisa, mahali pa jina la mtu, pasiwe na jina. Likiwepo, muuzaji aguse hapo, aende chini hadi Sign Out na aingize nywila mwenyewe. Kisha nenda General, halafu Transfer or Reset iPhone, halafu Erase All Content and Settings. Simu itazima na kuwaka, nawe utachagua lugha na nchi. Hapa tumia intaneti ya simu yako mwenyewe, usitegemee waifai ya duka. Ikipita hatua ya kuamilishwa bila kudai akaunti ya mtu mwingine, na ikafika mahali pa kukuuliza kama unataka kuhamisha data zako, kufuli hilo halipo. Ukurasa ulioandikwa Remote Management ukitokea, simu ni ya kampuni au shule iliyoinunulia wafanyakazi au wanafunzi wake, na mwenye mamlaka nayo ni hiyo kampuni. Kazi yote hii haichukui muda mrefu, na muuzaji mwenye simu safi hapotezi kitu.

"Dada, mimi nimeshaifuta asubuhi," atasema.

"Sawa kaka, tuifute tena nikiona."

Akikataa, bei yoyote atakayotaja ni kubwa mno. Akisema nywila atakutumia jioni kwa ujumbe, jibu ni lilelile, kwa sababu kuna watu wanaouza simu ikiwa kwenye akaunti yao, kisha wiki mbili baadaye wanaifunga wakiwa mbali na kudai hela nyingine ili waifungue. Kwa modeli za zamani, kuanzia 5s hadi X, kuna hila nyingine: udhaifu uliomo kwenye chipu zake, uliotangazwa mwaka 2019, unawawezesha mafundi kuruka ukurasa wa kufuli. Simu kama hiyo inafunguka na kucheza video, ila mara nyingi haipigi, na siku utakapoifuta kufuli linarudi. Kwa iPhone 11 udhaifu huo haupo. Bado nasisitiza kufuta, kwa sababu kipimo hiki kimoja kinafichua hila zote hizo bila wewe kuhitaji kujua ni ipi iliyotumika.

iPhone 11 iliyofungwa kwa mwenyewe ina bei, nayo ni ya spea: kioo, kamera, ganda. Wapo wanaozinunua hivyo. Kwangu mimi kununua simu ambayo mwenyewe hajaiachia ni kumlipa aliyemnyang'anya, na hakuna punguzo linalobadilisha hilo.

Kuna kufuli la pili lenye uzito mdogo zaidi. Simu nyingi za mtumba zinatoka Marekani, mara nyingi kupitia Dubai, na baadhi ziliuzwa kwa mkopo na kampuni za simu za huko zikafungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine. Nenda Settings, General, About, tafuta mstari wa Carrier Lock. Uwe umeandikwa "No SIM restrictions". Ukikuta neno jingine, na muuzaji ameweka kile kikaratasi chembamba chenye chipu chini ya laini ili mtandao ushike, simu itafanya kazi leo na inaweza kukataa siku utakaposasisha mfumo. Hiyo inauzwa, ila kwa bei ya chini inayoeleweka. Weka laini yako, piga, upigiwe, washa data. Usikubali kujaribiwa kwa laini ya muuzaji.

Sasa ufeki. Ule wa zamani, simu ya Android iliyovalishwa sura ya iPhone, unakamatika haraka: fungua App Store, na ukijikuta kwenye duka la Google umemaliza kazi. Unaosumbua leo ni wa nusu, simu halisi ndani ya ganda la modeli ya juu yake. XR na 11 zina kioo cha inchi 6.1 na umbo linalokaribiana, hivyo ganda la 11 linawekwa, kamera ya pili inakuwa kioo tu kisicho na kitu nyuma yake. Fungua kamera, gusa 0.5 upate picha pana, kisha funika kwa kidole lenzi moja baada ya nyingine. Kwenye 11 halisi, picha pana itaingia giza ukifunika lenzi moja, na picha ya kawaida itaingia giza ukifunika nyingine. XR haina hiyo 0.5. Magari ya jirani zake, yaani XR zilizogeuzwa kuwa 14 au 15 Pro, yanakamatwa kwa njia hiyohiyo: hesabu kamera zinazofanya kazi, usihesabu zinazoonekana.

Baada ya hapo soma utambulisho. Kwenye About, Model Name iseme iPhone 11. Gusa Model Number mara moja ibadilike iwe namba inayoanza na herufi A: A2111 ni ya Marekani na Kanada, A2223 ni ya China yenye nafasi ya laini mbili, A2221 ni ya nchi nyingine nyingi. Piga *#06#, na IMEI ya tarakimu kumi na tano itakayotokea ilingane na iliyoko kwenye About. Kisha toa kijisahani cha laini, maana kwenye 11 IMEI imechorwa hapo kwa maandishi madogo sana. Kijisahani kisicholingana hakithibitishi wizi, kwa kuwa ni kipande kinachouzwa peke yake, lakini kinaashiria kwamba ganda huenda limebadilishwa, na simu iliyobadilishwa ganda imefunguliwa na kurudishwa, kwa hiyo usiitegemee tena mbele ya maji.

Tanzania tuna msaada mwingine. Tangu maandalizi ya kuzima simu bandia, jambo ambalo Mamlaka ya Mawasiliano ililifanya Juni 2016, mtu anaweza kutuma IMEI kwa ujumbe kwenda 15090 na kujibiwa mtengenezaji na modeli ya simu yenye namba hiyo. Jibu likitaja modeli nyingine, ondoka. Likitaja iPhone 11, umejua kwamba namba ni ya iPhone 11, na hilo si sawa na kujua kwamba simu iliyo mkononi ndiyo yenye namba hiyo, kwa sababu wanaotengeneza bandia hunakili IMEI za simu halisi. Kwa hiyo 15090 inakamata uongo wa kizembe. Kamera, About na kijisahani vinakamata uliobaki.

Humohumo kwenye About, chini ya namba hizo, kuna sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaifikii: Parts and Service History. Inatokea tu kama simu imewahi kubadilishwa kipande. Kwa iPhone 11 inataja betri na kioo, na kila kimoja kitaandikwa ama Genuine Apple Part ama Unknown Part. Kioo kisichotambulika kinaweza kuwa na rangi hafifu na mguso mzito, na mara nyingi kitufe cha True Tone hakionekani ukibonyeza kwa muda alama ya mwanga. Hilo si kosa la kuvunja biashara. Ni punguzo, na tutalihesabu.

Tumefika kwenye betri. Betri ya lithiamu inachakaa kwa kila mzunguko, yaani kila unapotumia jumla ya asilimia mia, hata kama umeitumia nusu leo na nusu kesho. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500. Mtu anayemaliza chaji moja kwa siku anafika huko kabla ya miaka miwili. Sasa chukua simu iliyotengenezwa 2019 au 2020 inayosoma 100. Betri hiyo haielekei kuwa ile ya kiwandani, isipokuwa namba imechezewa. Yaelekea imebadilishwa, na swali ni kama imebadilishwa waziwazi.

Ikiwa waziwazi, Parts and Service History itasema. Ikiwa namba ni 100 na historia iko kimya, kuna mambo mawili ya kushuku. Fundi anaweza kuing'oa bodi ndogo iliyokuwa kwenye betri ya kwanza na kuiunganisha na betri mpya ya bei nafuu, ili simu idhani betri ni ileile. Na vipo vifaa vya meza ya fundi vinavyoandika kwenye bodi hiyo asilimia yoyote anayotaka. Kazi hii inaweza kufanywa kwa nia njema, kumwondolea mteja ule ujumbe wa onyo, na betri ikawa nzuri. Inaweza pia kufanywa kwa betri iliyochoka kabisa. Kwa kutazama namba huwezi kutofautisha.

Betri yenyewe haiwezi kudanganya ikipewa mzigo. Weka mwanga wa kioo hadi mwisho, fungua kamera, rekodi video ya 4K kwa dakika kumi huku ukizungumza bei. Betri yenye afya itashuka pointi moja moja. Iliyochoka inaruka pointi tatu nne kwa mpigo, au inakaa palepale kisha inaporomoka, na ikianzia chini ya thelathini inaweza kuzima ghafla, kwa kuwa ukinzani wake wa ndani umepanda na haiwezi tena kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Tazama pia ukingo wa simu dhidi ya mwanga. Kioo kilichonyanyuka upande mmoja kinaashiria betri iliyovimba, na hiyo usiichukue hata kwa punguzo.

Tuhesabu sasa. Bei nitakazotaja ni za mfano, za siku yako utazipata kwa kuuliza maduka matatu yasiyojuana. Tuseme iPhone 11 ya GB 64, safi kufuli zote, kioo chake cha asili, betri inayosoma 80, inauzwa 540,000. Hiyo iwe nanga yako. Asilimia 80 nimeichagua kwa sababu chini ya hapo simu yenyewe inaanza kukushauri ubadilishe betri. Kisha muulize fundi unayemwamini: betri nzuri na kuifunga ni kiasi gani? Tuseme 80,000.

Kuanzia 80 hadi 100 kuna pointi ishirini, na betri nzima inagharimu 80,000. Kila pointi basi ni shilingi 4,000. Simu ya 85 ina haki ya kuuzwa 560,000. Ya 92 iuzwe 588,000. Tofauti ya halali kati ya 84 na 96 ni 48,000. Muuzaji anayetaka laki moja kwa tofauti hiyo anakuuzia pointi kumi na mbili kwa bei inayozidi ya betri mpya. Nunua ya 84, mpelekee fundi 80,000, utabaki na simu ya 100 na chenji. Kitu kimoja tu kinatetea betri ya asili: haina onyo la Unknown Part, na siku ya kuiuza onyo hilo litakupunguzia kidogo. Mwongezee muuzaji elfu kumi au ishirini kwa hilo, si zaidi. Na simu inayosoma 74 usiishushe chini sana ya nanga, kwa sababu betri utakayonunua ni ileile iwe ya zamani ilifika 79 au 70. Ondoa elfu kumi na tano au ishirini za usumbufu, basi.

Sasa njoo kwenye simu iliyo mezani. Muuzaji anataka 620,000, betri inasoma 100. Umeifuta, imepita. Carrier Lock ni safi, laini yako imeshika. Kamera zote mbili zinaona, IMEI zinalingana, 15090 imejibu iPhone 11. Kwenye historia, kioo ni Unknown Part na True Tone haipo, betri haikutajwa. Umeipa mzigo wa video, imeshuka taratibu hadi 41, kisha ikaruka hadi 37.

Kwa namba ya kwenye kioo, simu hii ingestahili 540,000 na 80,000 za betri, yaani hizohizo 620,000 anazotaka. Lakini asilimia hiyo haina ushahidi, na mruko ule unaikanusha. Betri usiipe hata pointi moja juu ya nanga: 540,000. Kioo kimebadilishwa, na kwa mfano wetu tuseme tofauti kati ya cha asili na hicho cha kuiga ni 60,000. Tumefika 480,000. Hiyo ndiyo bei ya haki ya simu hiyo, na unaweza kumwonyesha muuzaji kila hatua iliyoishusha hapo. Anaweza kupanda hadi laki tano kwa kuwa ana duka la kudumu na anatoa dhamana ya mwezi, na ni haki yake, maana dhamana ina thamani. Akishikilia 620,000, nanga yako ya 540,000 iko duka la pili.

Kwa wenye Samsung, Tecno au Infinix mpangilio ni uleule, vipimo vinabadilika kidogo. Tangu Android 5.1 simu iliyofutwa kwa vitufe bila kuondolewa akaunti ya Google inadai akaunti hiyo inapowashwa, kwa hiyo muuzaji aiondoe akaunti yake kwanza, kisha mfute pamoja na muiunganishe na intaneti. Hatari kubwa zaidi kwa simu hizi ni zile zilizochukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Mkopo usipomalizika, kampuni inaifunga simu kutoka mbali, iwe mikononi mwa nani. Usiridhike na kuona imewaka, kwa sababu kufuli hilo linakuja siku malipo yanapokatika. Ikiwa boksi au ukurasa wa kuwasha una nembo ya kampuni ya mkopo, dai uthibitisho wa malipo ya mwisho wenye IMEI ileile, au piga simu kwa kampuni hiyo ukiwa na muuzaji. Asilimia ya betri kwa kawaida hutaikuta kwenye simu hizi, na kipimo cha video kinafanya kazi hiyo vizuri tu.

Mkikubaliana, usitoe hela kabla ya karatasi. Risiti iwe na jina la muuzaji, namba yake ya simu, modeli, IMEI yote kumi na tano, bei, muda wa dhamana, na maneno "kioo si cha asili, betri haijathibitishwa", ili wiki ijayo asidai kwamba wewe ndiye uliyekivunja. Lipa kwa njia ya simu badala ya taslimu, jina la anayepokea lifanane na la kwenye risiti. Kisha ingia kwenye akaunti yako hapohapo dukani na uwashe Find My, ili kufuli lile ulilokuwa ukilitafuta sasa liandikwe kwa jina lako.